Wastani wa dirisha au wastani wa kufifia? Kuchagua kichujio cha kupima maji ya bahari Malindi

Anayetundika kihisi cha mwangwi juu ya maji ili kufuatilia kupwa na kujaa hukutana na swali hili mapema, mara nyingi siku ya kwanza. Kihisi kinatoa namba kila sekunde na namba zinarukaruka, kwa hiyo lazima zilainishwe. Njia mbili ndizo watu hufikia kwanza. Moja ni kujumlisha vipimo 60 na kugawa kwa 60:

```c
jumla += x;  n++;
if (n == 60) { hifadhi(jumla / 60.0); jumla = 0; n = 0; }
```

Nyingine ni kubaki na namba moja tu, `y`, na kuisogeza kidogo kuelekea kila kipimo kipya:

```c
y += 0.0328 * (x - y);
```

Ya kwanza nitaiita wastani wa dirisha, kwa sababu inatazama dakika moja kamili na haioni kitu nje ya hapo. Ya pili nitaiita wastani wa kufifia, kwa sababu kila kipimo hubaki ndani yake kikipungua uzito kidogo kidogo, hakitoki kwa ghafla. Nimetumia zote mbili kwenye kihisi nilichofunga Malindi, mahali ambapo mawimbi ya bahari kuu yanaingia bila kizuizi kikubwa. Kwa miezi mingi niliamini kuwa tofauti yake ni ladha tu ya mwandishi wa programu. Nilikuwa na sababu nzuri ya kuamini hivyo, na sababu hiyo ndiyo ya kuanzia.

Pacha kwenye karatasi

Chukua kelele ambayo kila sampuli yake haijui chochote kuhusu sampuli iliyotangulia. Hiyo ndiyo kelele nyeupe. Kama variansi yake, yaani wastani wa mraba wa mchepuko, ni σ², basi wastani wa dirisha la sampuli N huacha σ²/N. Wastani wa kufifia wenye uzito a huacha σ²·a/(2−a). Ukitaka viwili hivi vilingane, a inatoka kuwa 2/(N+1). Kwa N = 60 ni 2/61, ambayo ni 0.0328. Ndiyo namba iliyo kwenye msimbo hapo juu, sikuiokota njiani.

Jambo linalopendeza zaidi ni ucheleweshaji. Maji yanapopanda kwa mwendo ulio sawa, dirisha la sampuli 60 linachelewa kwa (N−1)/2, yaani sekunde 29.5. Wastani wa kufifia unachelewa kwa (1−a)/a. Weka 0.0328 uone: sekunde 29.5 zilezile. Kwa bahari yetu ucheleweshaji huo una uzito wake. Wakati wa bamvu maji ya Malindi hupanda na kushuka kiasi cha mita 3. Kwa kipindi cha saa 12 na dakika 25 hivi, kasi ya juu kabisa katikati ya kujaa ni karibu milimita 0.21 kwa sekunde. Kuchelewa nusu dakika ni kosa la milimita 6, na vichujio vyote viwili vinakosea sawasawa. Dawa nayo ni moja: rudisha muda ulioandikwa nyuma kwa sekunde 29.5.

Kelele inayobaki ni sawa na ucheleweshaji ni sawa. Kama kelele yako ni nyeupe, chagua unachopenda, huhitaji kusoma zaidi. Swali ni kama kelele yako ni nyeupe kweli, na hilo halijulikani kwa kutazama mchoro unaorukaruka. Linapimwa.

Karai kwanza, bahari baadaye

Nilianza nyumbani. Niliweka karai la maji barazani, nikafunga mlango wa ua upepo usipite, nikaning'iniza kihisi juu yake na kuchukua sampuli 600 kwa dakika kumi. Mchepuko, na kuanzia hapa namaanisha kipeuo cha pili cha variansi, ulikuwa kama milimita 10. Maji ya karai hayaendi popote, kwa hiyo hiyo ni kelele ya kihisi chenyewe.

Kipimo cha weupe ni otokorilesheni. Unatoa wastani ili namba zizunguke sifuri, kisha unazidisha orodha na nakala yake iliyosogezwa kwa hatua k, unachukua wastani wa mazao hayo na kuugawa kwa variansi. Kwa hatua 0 jibu ni 1 siku zote. Kwa hatua 1 unauliza kama kipimo cha sekunde hii kinafanana na cha sekunde iliyopita, kwa hatua 5 unauliza kuhusu sekunde tano zilizopita, na kuendelea. Kelele nyeupe inaanguka mara moja kutoka 1 hadi karibu na sifuri na kubaki hapo. Neno "karibu" lina kipimo chake: kwa sampuli M, jibu linaweza kutangatanga ndani ya ±2/√M bila maana yoyote. Kwa sampuli 600 hiyo ni ±0.08. Za karai zilibaki ndani ya mstari huo, isipokuwa moja au mbili zilizochungulia nje, na hilo ni la kutarajiwa kwani mpaka huo huruhusu kama moja katika ishirini. Kihisi kilikuwa cheupe.

Halafu nikaenda baharini, mwezi wa Julai, kusi ikivuma.

Jaribio la kwanza liliharibika, na uharibifu wenyewe unafaa kuujua kwa sababu utakupata na wewe. Otokorilesheni haikutulia kwenye sifuri. Iliyumba juu na chini, lakini mfululizo wote ulikuwa umeinuliwa kidogo na ulikuwa ukiteremka polepole kama mlima usio na mwisho. Nilidhani nimegundua mwendo mkubwa wa ajabu wa maji. Kumbe ni maji kujaa. Kwa milimita 12.6 kwa dakika, dakika kumi ni zaidi ya milimita 120, na mteremko ulionyooka kama huo ukiuacha ndani ya data unajifanya uhusiano wa muda mrefu. Toa kwanza mstari ulionyooka unaopita katikati ya vipimo, ndipo uanze kuzidisha. Ukiona otokorilesheni isiyotaka kufika sifuri, shuku mteremko kabla ya kushuku bahari.

Baada ya kutoa mteremko, picha ilikuwa safi. Mchepuko ulikuwa karibu milimita 150, na otokorilesheni ikawa hivi: kwa hatua ya sekunde 5 ilishuka hadi karibu −0.9, kwa sekunde 10 ikapanda hadi 0.75, kwa 15 ikashuka hadi −0.5, kwa 20 ikawa 0.2, na kufikia 25 ilikuwa imezama ndani ya mpaka wa ±0.08. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akinitazama nikiandika alinyoosha kidole kwenye daftari akauliza, "Hii ya kumi imepanda kwa nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ni wimbi linarudi." Akaitika marahaba, akatazama maji kidogo. "Basi hesabu yako inajua kuhesabu mawimbi." Ndivyo ilivyo. Maji yaliyo juu sasa yatakuwa chini baada ya sekunde 5 na juu tena baada ya 10. Kufifia kwa namba hizo kutoka 0.9 hadi sifuri kunasema jambo la pili: mawimbi hayaendi kwa mdundo mmoja kamili. Baada ya mawimbi mawili na nusu bahari imeshasahau ilikuwa wapi.

Kwa nini kugawa kwa √60 hakukufaa

Kama ningechukua milimita 150 na kuigawa kwa √60 ningetarajia kelele ya milimita 19 baada ya kuchuja. Hesabu hiyo ni ya kelele nyeupe tu. Kwa kelele yenye kumbukumbu, variansi ya wastani wa dirisha ni

σ²/N × [1 + 2·Σ(1 − k/N)·ρ(k)]

ambapo ρ(k) ni otokorilesheni kwa hatua k na jumla inakwenda kutoka 1 hadi N−1. Tazama alama za ρ(k). Zikiwa chanya muda mrefu, mabano yanakua zaidi ya 1 na wastani unakusaidia kidogo kuliko ulivyotumaini. Zikiwa hasi na chanya kwa zamu, zinakatana, mabano yanakuwa madogo kuliko 1, na wastani unakusaidia zaidi. Mawimbi ya sekunde 10 ni ya aina hii ya pili: kila mwinuko unafuatwa na bonde lake ndani ya dirisha lilelile.

Unaweza kufanya hesabu zote kwa njia hii ya jumla, lakini kwa kulinganisha vichujio inachosha. Spektra ya nguvu inasema jambo lilelile kwa sura nyepesi zaidi. Ni otokorilesheni hiyohiyo iliyopitishwa kwenye badiliko la Furie; uhusiano huo unajulikana kwa majina ya Norbert Wiener, aliyeuandika mwaka 1930, na Aleksandr Khinchin, 1934. Badala ya kukuambia maji yanakumbuka nini baada ya sekunde ngapi, inakuambia variansi yako imegawanyikaje kati ya masafa. Eneo lote chini ya mchoro ni variansi nzima, kwa hiyo kipimo cha urefu wake ni mm²/Hz.

Kwa sampuli moja kila sekunde, mchoro unaanzia 0 na kuishia 0.5 Hz. Kelele ya kihisi, variansi 100 mm², imetandazwa sawa kote: 200 mm²/Hz. Mawimbi, variansi 22,500 mm², yamerundikana kati ya 0.08 na 0.12 Hz, kwa hiyo kilima chake kina urefu wa zaidi ya 500,000 mm²/Hz. Kulikuwa pia na kilima kidogo cha tatu ambacho dakika kumi hazikuweza kukionyesha. Nilikiona baada ya kuacha kihisi kikirekodi kwa saa kadhaa. Maji ya ghuba yalikuwa yakipanda na kushuka polepole kwa vipindi vya takriban dakika 5, mchepuko wa kama milimita 10. Rekodi ya muda T haiwezi kutenganisha masafa yaliyokaribiana kuliko 1/T, na dakika kumi ni mizunguko miwili tu ya mwendo wa dakika 5.

Kuna mtego mwingine hapa. Ukipiga badiliko la Furie mara moja juu ya rekodi yote na kuchukua mraba, mchoro unatoka na miiba tele, na kurefusha rekodi hakuilainishi hata kidogo. Unapata miiba mingi zaidi, myembamba zaidi. Kila mwiba una hitilafu kubwa sawa na thamani yake yenyewe. Kata rekodi vipande, fanya hesabu kwa kila kipande, kisha chukua wastani wa michoro. Hapo unapoteza uwezo wa kutenganisha masafa na unapata mchoro wa kuaminika. Mimi nilikata vipande vya dakika 30.

Kichujio kinavyopitisha kelele

Kanuni ni fupi. Kama H(f) ni kiasi ambacho kichujio cha mstari hupitisha wimbi la masafa f, basi

S_y(f) = |H(f)|² · S_x(f)

Spektra ya kinachotoka ni spektra ya kinachoingia ikizidishwa, masafa kwa masafa, na mraba wa upitishaji. Kichujio hakihamishi nguvu kutoka masafa moja kwenda mengine, kinapunguza tu kila moja mahali pake. Kwa hiyo ulinganisho wote wa vichujio vyetu unakuwa ulinganisho wa |H(f)| mbili, zikitazamwa pale ambapo kelele ipo:

| Kipindi cha wimbi | Dirisha la 60 | Kufifia, a = 0.0328 |
|---|---|---|
| dakika 5 | 0.94 | 0.85 |
| dakika 2 | 0.64 | 0.54 |
| sekunde 60 | 0 | 0.30 |
| sekunde 40 | 0.21 | 0.21 |
| sekunde 10 | 0 hadi 0.054 | 0.054 |
| sekunde 4 | 0 hadi 0.024 | 0.024 |

Upande wa dirisha una "0 hadi" kwa sababu mchoro wake una mashimo. Wimbi linaloingia mara kamili ndani ya dakika moja, iwe mara 1, mara 2, mara 6 au mara 15, linajifuta lenyewe kabisa: vilele na mabonde yake yanalingana ndani ya dirisha. Katikati ya mashimo mawili kuna nundu. Kilele cha nundu hiyo kinagusa karibu kabisa mstari wa wastani wa kufifia, ambao wenyewe unateremka laini bila shimo hata moja. Masafa ya mawimbi ya Malindi ni mapana kiasi cha kufunika shimo zaidi ya moja, kwa hiyo kwa wastani dirisha linapitisha nusu ya nguvu inayopitishwa na kufifia.

Sasa hesabu kamili. Mawimbi ya mm 150: kufifia kunaacha karibu mm 8.1, dirisha linaacha 5.7. Kihisi: mm 1.3 kwa vyote viwili, kama tulivyosema mwanzo. Mwendo wa dakika 5: kufifia 8.5, dirisha 9.4. Variansi zinajumlishwa, si michepuko, kwa hiyo jumla ni karibu mm 12 kwa kufifia na mm 11 kwa dirisha.

Kumi na mbili kwa kumi na moja. Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama kwa miezi ile yote. Nilipima mchepuko wa matokeo, nikaona viwili vinakaribiana, nikasema ni mamoja. Kosa langu lilikuwa kutazama eneo lote chini ya mchoro na kusahau umbo lake. Tazama kilichotokea: mawimbi yaliyokuwa makubwa mara 15 kuliko mwendo wa polepole sasa yako sawa nao au chini yake. Kelele inayobaki baada ya kichujio si ile uliyokuwa ukiiona kabla.

Rekodi moja kwa dakika ndiyo inayoamua

Hakuna anayehifadhi namba kila sekunde kwa mwaka mzima kutoka kihisi kinachotumia betri na sola. Unahifadhi moja kwa dakika. Msimbo wa kwanza unafanya hivyo wenyewe. Kwa wa pili unasoma `y` kila baada ya sekunde 60.

Kuchukua sampuli kila sekunde 60 kunafanya jambo ambalo kichujio hakifanyi: kunahamisha masafa. Wimbi la kipindi cha sekunde 10 kamili linaingia mara 6 ndani ya dakika, kwa hiyo kila unaposoma unalikuta mahali palepale, na kwenye rekodi linaonekana kama maji yaliyosimama juu kidogo. Lifanye la sekunde 10.05 na kila dakika utalikuta limesogea kidogo. Kwenye rekodi litajitokeza kama wimbi la kipindi cha dakika 33 na nusu, ambalo baharini halipo.

Hapa pacha wanaachana. Masafa yanayohamia kwenye sifuri, mahali ambapo kupwa na kujaa kunakaa, ni yale yanayoingia mara kamili ndani ya sekunde 60. Ndiyo hayohayo yenye mashimo ya dirisha. Wimbi la sekunde 10.05 liko kando tu ya shimo la sita, na dirisha linalipitisha kwa 0.005. Kufifia kunalipitisha kwa 0.054. Kama mawimbi yote ya mm 150 yangekuwa ya kipindi hicho, rekodi ya dirisha ingebeba wimbi la uongo la mm 0.8, na ya kufifia mm 8. Bahari halisi haiimbi sauti moja, kwa hiyo hutaona wimbi safi. Utaona rekodi inayoyumbayumba kwa vipindi vya nusu saa, robo saa, saa nzima, siku za kusi kali zaidi kuliko siku tulivu. Ukichukua wastani wa saa nzima kutoka rekodi hizo, ile ya dirisha inashusha mabaki ya mawimbi hadi karibu mm 0.1, kwa sababu wastani wa madirisha 60 yaliyopangana ni dirisha moja la saa. Ile ya kufifia inabaki na karibu mm 1.

Unaweza kusema milimita 8 si kitu kwa maji yanayopanda mita 3, na kwa nahodha anayetaka kujua kama chombo kitaelea, ni kweli. Lakini miendo ya makumi ya dakika ndiyo hasa mtu anayepima bahari hutaka kuiona. Ghuba zina miyumbo yake ya asili ya vipindi hivyo, na tsunami iliyofika pwani yetu tarehe 26 Desemba 2004 ni ya familia hiyohiyo ya vipindi. Mwendo wa dakika 5 uliopita kwenye vichujio vyote viwili haunisumbui: ni maji kweli yaliyosogea, rekodi ya kila dakika inaupa nukta tano kwa mzunguko, na atakaye kuuondoa baadaye atauondoa. Wimbi la sekunde 10 lililojivika sura ya nusu saa haliondoki tena. Likishaandikwa, hakuna hesabu ya baadaye itakayolitofautisha na mwendo wa kweli.

Ukitaka kujua kama rekodi yako tayari ina ugonjwa huu, chukua siku moja ya mawimbi makubwa, hifadhi namba za kila sekunde pembeni, kisha chora spektra ya rekodi ya dakika juu ya spektra ya namba za sekunde. Chini ya 1/120 Hz, ukishafidia upitishaji wa kichujio, zinapaswa kulaliana. Zikiachana, kilichozidi kimehama kutoka juu.

Yaliyobaki kwa ufupi

Hoja ya kumbukumbu ya kompyuta husemwa sana upande wa kufifia: namba moja badala ya sitini. Kwa kuhifadhi kila dakika haina nguvu, kwani dirisha lisilopishana linahitaji jumla na kihesabio tu. Hata dirisha linalosogea kila sekunde, kwa namba sitini za baiti mbili, linakula baiti 120 kati ya 2048 za Arduino Uno R3.

Kufifia kuna mtego wake ukikuandika kwa namba nzima. Watu hubadilisha 0.0328 kuwa kugawa kwa 32. Tofauti ya milimita 20 ikigawanywa kwa 32 kwa namba nzima ni 0, na `y` haisogei. Kila tofauti iliyo chini ya milimita 32 inapotea. Dalili yake ni mstari mnyoofu mno siku za maji tulivu.

Mwangwi uliopotea, kwa mfano mashua ikipita chini ya kihisi na kutoa kosa la mita 1, unaacha mm 17 kwenye dirisha moja kisha unatoweka. Kwenye kufifia unaanza na mm 33 na dakika moja baadaye bado kuna mm 4. Lakini hakuna kichujio cha mstari kinachofaa kwa kosa la aina hiyo. Panga sampuli tano za karibu kwa ukubwa na uchukue ya katikati kabla ya kufanya wastani wowote.

Na kuna kosa ambalo hakuna kati ya hivi viwili kitakachogusa. Kasi ya sauti hewani hubadilika kwa karibu asilimia 0.18 kwa kila nyuzi joto moja. Kihisi kilicho mita 3 juu ya maji kinadanganya milimita 5 kwa kila nyuzi. Jua likipanda asubuhi, kosa hilo linaingia kwa masafa ya chini kabisa, pale |H| ni 1. Weka kipimajoto kando ya kihisi na urekebishe kabla ya kuchuja.

Uchaguzi

Kwa rekodi ya Malindi, au mahali popote ambapo mawimbi marefu ya bahari kuu yanafika kihisi, nachagua dirisha lisilopishana, sampuli 60, na muda ulioandikwa ukiwa wa katikati ya dirisha. Nimekwisha kubadilisha msimbo wangu, na rekodi za zamani nimeziwekea alama zisitumike kutafuta miendo ya chini ya saa moja.

Kwa kioo kilichofungwa gatini ili watu wasome kina cha sasa, nachagua kufifia. Hakuna anayesoma kwa vipindi vya sekunde 60 kamili, namba inasogea laini badala ya kuruka mara moja kwa dakika, na inapitisha mwendo wa dakika 5 kidogo pungufu.

Binamu yangu wa Lamu aliniuliza kama abadilishe na yeye. Kihisi chake kiko kwenye mlango wa maji mbele ya mji, ambako Manda inakinga bahari kuu na kilichopo ni viwimbi vya upepo na vya mashua vya sekunde 2 hadi 4. Upitishaji wa huko ni 0.024 au chini, na mchepuko wake wote ni milimita 30. Hata kikihama chote, ni chini ya milimita 1. Nilimwambia kichujio akiache kama kilivyo, ila achukue sampuli 4 kwa sekunde badala ya moja, na a aigawe kwa 4 ili ucheleweshaji ubaki karibu uleule. Viwimbi vilivyo vifupi kuliko sekunde 2 vinajigeuza kuwa virefu kabla hata havijafika kwenye kichujio, na kwa mlango ule hiyo ndiyo hatari ya kwanza. Kama ana bomba la plastiki la inchi nne, alizamishe wima chini ya kihisi likiwa na tundu dogo upande wa chini: maji ya ndani yatafuata kupwa na kujaa na yatachelewa kufuata viwimbi. Bomba hilo nalo, tundu likiwa dogo, linafanana na wastani wa kufifia, isipokuwa hili linachuja maji yenyewe kabla sampuli haijachukuliwa.